Chapati au mandazi? Jinsi ya kutengeneza posti ya slaidi za kuchagua inayowafungua watu midomo

Shangazi yangu anapika vitafunwa vya oda Tabata, na ukurasa wake wa Instagram nausimamia mimi. Tukiweka picha ya sambusa na bei yake, tunapata mioyo na swali la "mnafika Mbagala?" Hayo ni maongezi ya mteja na muuzaji, yanaishia hapo. Posti inayowafanya wafuasi wake wakae, waongee na sisi na waongee wao kwa wao ni ile ya slaidi za kuchagua: kila slaidi ina vitu viwili, mtu anaamua upande wake kimoyomoyo, anaswaipu, anaamua tena, na akifika mwisho anashuka kwenye komenti kujitetea. Nitaonyesha tunavyoitengeneza, kwa kufuata moja tuliyoipa mada ya chai ya saa nne.

Anza na mada ndogo kuliko unavyodhani

"Chakula" ni mada kubwa mno. Ukichanganya ugali, juisi, biriani na aiskrimu kwenye posti moja, mtu anachagua kama anajaza fomu na kuondoka. Chai ya saa nne ni kitu kingine. Ina saa yake, ina meza yake, ina harufu yake, na karibu kila mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini, gereji au sokoni ana namna yake ya kuinywa. Mada ikiwa ndogo hivyo, kila slaidi inaongeza kumbukumbu juu ya ile iliyotangulia, na mtu akifika slaidi ya sita tayari yuko mahali fulani, na watu fulani, mwaka fulani. Hapo ndipo komenti inapotoka. Herufi A au B haina hadithi ndani yake.

Tangu 2024 Instagram inaruhusu hadi picha 20 kwenye posti moja. Kabla ya hapo zilikuwa 10. Usizitumie zote. Sisi hatuvuki 8: saba za kuchagua na moja ya kuuliza. Zaidi ya hapo watu huacha njiani, na swali lako liko mwisho.

Jozi: hapa ndipo kazi yote ilipo

Vitu viwili vya slaidi moja lazima viwe na uzito sawa. Chapati na mandazi vina uzito sawa: vyote vinashibisha, bei haipishani sana, vyote vina wapenzi wasiokubali kushindwa. Chapati na boflo havina, maana boflo litapigwa, na watu hawabishani juu ya mechi iliyokwisha. Tangawizi na iliki, ndiyo. Sambusa na katlesi, ndiyo. Kitumbua na mkate wa kumimina ni jozi ninayoipenda sana, kwa sababu vyote ni mchele na nazi, ni kama ndugu wawili wa tumbo moja, na anayependa kimoja hana la kumtukana anayependa kingine.

Usiishie kwenye majina ya vyakula. Jozi zinazozungumzwa zaidi kwetu ni zile za namna ya kula. "Chapati ya kuchovya kwenye chai" kwa "chapati na maharage". "Chai ya moto inayounguza" kwa "iache ipoe kwanza". Mtu hajawahi kuulizwa jambo hilo maishani, lakini jibu analo, na mara nyingi analo pia jina la aliyemfundisha.

Ziko jozi zinazoonekana nyepesi na si nyepesi. Nilijifunza kwa kuumia. Niliwahi kuweka "chapati za nyumbani au za mgahawani?" nikidhani ni mambo ya ladha. Ndani ya saa moja komenti zikawa za wanaume wanaolalamika kwamba wanawake wa siku hizi hawajui kupika, na wanawake wakiwajibu, na shangazi ananipigia simu kuuliza nimeandika nini kwenye ukurasa wake. Nikaifuta. Mara nyingine niliweka "chai na kitafunwa au chai kavu?" Dada mmoja akaandika kwamba kwao chai kavu haikuwa chaguo. Aliandika kwa upole, bila kulaumu, lakini nilijua nimemgusa mtu pabaya.

Kwa hiyo kabla ya kuikubali jozi yoyote najiuliza: je, kuna upande ambao mtu anaweza kuuonea aibu? Chochote kinachobeba pesa, ndoa, mwili, dini, kabila au chama kina upande huo. Na mpira pia. Simba na Yanga ni watani wa jadi, na utani wao mtaani ni mtamu kwa sababu anayekutania unamjua na kesho mnaazimana sufuria. Mtandaoni anayekujibu humjui. Jozi hiyo italeta komenti nyingi sana, na nusu yake hutataka zionekane chini ya picha za mandazi.

Jaribu kwa watu watano

Nikishapata jozi kumi au kumi na mbili, naziandika kwenye karatasi na kuwauliza watu watano nilio nao karibu: jirani, bodaboda wa kijiweni, mdogo wangu, yeyote. Nawauliza kwa mdomo, haraka, na ninatazama mambo mawili.

La kwanza ni kura. Wanne wakienda upande mmoja, jozi inatoka. Mbili kwa tatu ndiyo ninayoitaka. La pili lina maana zaidi: je, baada ya kuchagua aliongeza neno bila kuulizwa? Bodaboda wa kijiweni kwetu nilipomuuliza "tangawizi au iliki?" alisema "tangawizi" akanyamaza. Nilipomuuliza chapati ya kuchovya au na maharage, alisema, "Na maharage, lakini yaliyolala." Hayo maneno mawili ya mwisho, "lakini yaliyolala", ndiyo komenti yenyewe. Jozi iliyomtoa mtu neno la nyongeza ana kwa ana ndiyo itakayomtoa neno mtandaoni. Jozi za jibu moja na kimya naziacha chache tu, kwa ajili ya kupumzisha.

Mpangilio wa slaidi

Posti yetu ya saa nne ilipangwa hivi. Slaidi ya kwanza: chapati au mandazi. Ya pili: chai ya maziwa au chai ya rangi. Ya tatu: kitumbua au mkate wa kumimina. Ya nne: tangawizi au iliki. Ya tano: chapati ya kuchovya au na maharage. Ya sita: sambusa au katlesi. Ya saba: ya moto inayounguza au iliyopoa. Ya nane ni swali.

Angalia kwamba haina jalada. Wengi hutumia slaidi ya kwanza kuandika kichwa kikubwa, "Chagua upande wako!", na vitu vyenyewe vinaanza ya pili. Mimi naona hiyo ni slaidi iliyopotea. Mtu anayepita kwa kasi anapaswa kukuta chapati na mandazi zinamtazama, awe ameshachagua kabla hajajua kwamba ameingia kwenye mchezo. Maneno "Chai ya saa nne" yanakaa madogo juu, basi.

Slaidi ya pili nayo iwe na nguvu. Mara nyingi Instagram humrudishia mtu posti aliyoipita bila kuswaipu, na safari hii inamwonyesha slaidi inayofuata badala ya ile ya kwanza. Kwa hiyo ya pili nayo ni mlango wa kuingilia, na lazima ieleweke yenyewe. Chai ya maziwa na chai ya rangi haihitaji maelezo.

Ya tano, yenye maneno mengi, iko katikati makusudi. Ukiitanguliza, inamchosha mtu ambaye bado hajaamua kukaa. Ukiiacha mwisho kabisa, wengine hawaifikii.

Kupiga picha na kupanga kwenye ukurasa

Mimi natumia Canva kwenye simu. Fungua ukubwa wa 1080 kwa 1350. Picha zote za posti moja hufuata umbo la ile ya kwanza, kwa hiyo usichanganye maumbo, utakatwa kichwa bila kutaka.

Gawa ukurasa juu na chini, usigawe kushoto na kulia. Ukigawa kushoto na kulia kila upande unabaki na upana wa 540 tu na urefu wa 1350, umbo la mlango, na sahani haikai vizuri kwenye mlango. Ukigawa juu na chini kila kitu kinapata 1080 kwa 675, umbo ambalo sahani, kikombe na sinia vinaingia bila kubanwa. Weka duara dogo katikati lenye neno AU, na jina la kitu ndani ya nusu yake.

Maneno yasikaribie kingo. Kwenye gridi ya ukurasa wako picha huonyeshwa kwa umbo la 3 kwa 4, na picha ya 1080 kwa 1350 hukatwa kama pikseli 34 kila upande. Sehemu nyingine huonyeshwa mraba, na hapo hukatwa 135 juu na 135 chini. Mimi naacha 150 juu na chini na 100 pembeni, na sijawahi kukatiwa neno. Kona ya juu kulia iache wazi kabisa, maana ndipo Instagram inapoandika 1/8.

Sasa picha. Piga vitu vyote viwili kwa mwanga mmoja, sahani za aina moja, umbali mmoja. Safari ya kwanza tulipiga mandazi asubuhi karibu na dirisha na chapati usiku chini ya taa ya jikoni. Chapati zikatoka na rangi ya udongo. Nani angezichagua? Jozi iliyokuwa na uzito sawa kwenye karatasi ikapoteza uzito kwenye picha. Sasa tunapiga vyote siku moja, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, meza ikiwa karibu na dirisha, taa imezimwa. Chai ipigwe mara tu inapomiminwa, mvuke ukiwa unaonekana. Weka kitambaa cheusi nyuma ya kikombe, la sivyo mvuke hauonekani hata kama upo.

Ukimaliza slaidi moja, inakili, badilisha picha na maneno, usianze upya. Hivyo duara na maandishi vinakaa mahali palepale, na mtu akiswaipu jicho lake halihangaiki. Kabla ya kupakia, jitumie slaidi zote kwenye WhatsApp, nyoosha mkono, tazama. Neno lisilosomeka kwa mkono ulionyooka, liongeze ukubwa.

Swali la mwisho na kapsheni

Makosa mengi nayaona hapa. Watu wanaandika, "Komenti majibu yako yote!" Saba? Nani atakaa kuandika majibu saba, na nani atayasoma? Wengine wanaandika, "Andika A au B." Hilo lina shida ya ziada: tangu Desemba 2017 Facebook ilitangaza kwamba inazishusha posti zinazowalazimisha watu kukomenti, kulaiki au kutagi kwa maneno ya namna hiyo ili tu zionekane zaidi. Ikiwa posti yako inakwenda pia kwenye ukurasa wa Facebook, na yetu inakwenda, usijitie kwenye kundi hilo. Na hata kama adhabu isingekuwepo, ukurasa uliojaa A, B, B, A hauna mtu wa kuongea naye.

Swali letu la slaidi ya nane ni hili: "Ipi imekushinda kuchagua?" Chini yake, kwa maandishi madogo: "Namba ya slaidi na sababu yake." Limekaa hivyo kwa sababu tatu. Linaomba jibu moja. Linaweza kujibiwa kwa namba tu na mtu mwenye haraka. Na halimtaki mtu atangaze ushindi bali akiri udhaifu, na mtu anayekiri udhaifu wake kwa kitumbua hagombani na yeyote. Tangu tulipobadilisha kutoka "ipi unaipenda zaidi?" kwenda "ipi imekushinda?" lugha ya komenti zetu imekuwa laini, watu wanaanza na "jamani" na "hapo namba 3 mmeniweza".

Kapsheni iwe fupi, kwa sababu mistari miwili hivi tu ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi. Yetu ilikuwa: "Shangazi yeye amekwama namba 3, anasema vitumbua na mkate wa kumimina hawawezi kutenganishwa. Wewe umekwama wapi?" Ukitangulia kukiri, umewaonyesha wengine jibu linavyoonekana. Ila usitaje upande uliouchagua. Ukurasa ukishasema "sisi ni timu mandazi", watu wa chapati wanajiona wageni.

Ukiwa na wafuasi wa pande nyingi, acha majina yalete maneno yenyewe. Tuliandika mandazi, na mara watu wa Mombasa wakaja kutukumbusha kwamba kwao kuna mahamri, yana nazi na iliki, na hayaliwi bila mbaazi za nazi. Chai ya rangi nayo, Wakenya wakaja na strungi. Sikubadilisha chochote. Nilijibu, "Mahamri na mbaazi tunazikubali, mtatuletea lini?"

Kupakia

Kwenye kuchagua picha, gusa slaidi ya kwanza kwanza, kisha ya pili, kwa utaratibu; Instagram huzipanga kwa jinsi ulivyozigusa, si kwa majina ya mafaili. Hakiki namba ndogo juu ya kila picha kabla ya kuendelea. Ukikuta kosa baada ya kupakia unaweza kuiondoa slaidi moja, lakini namba za zilizobaki zitasogea na komenti zilizotaja "namba 5" zitapoteza maana. Kwa hiyo soma mara mbili.

Mada ya saa nne tunaipakia saa tatu na nusu asubuhi, ili imkute mtu kikombe kikikaribia mkononi. Mwezi wa Ramadhani hatuigusi. Tunaandaa nyingine ya futari, kalimati au tambi, mihogo ya nazi au viazi vitamu vya nazi, na tunaipakia usiku watu wakiwa wameshafuturu, wamekaa na simu. Kumwonyesha mtu kalimati saa nane mchana akiwa na swaumu si uungwana.

Kujibu

Tenga saa ya kwanza yote kwa ajili ya kujibu, na usijibu kwa kikaragosi. Jibu kwa swali dogo juu ya kitu kilekile alichokitaja. Mtu mmoja aliandika: "5. Chapati na maharage ya jana, hapo usiniite." Nikamjibu: "Yaliyolala ndiyo yenyewe! Unayapasha na tui au hivyohivyo?" Akarudi: "Tui tena? Hivyohivyo, mafuta kidogo na kitunguu." Mwingine akaingilia: "Kitunguu kikiungua kidogo." Hapo nikanyamaza. Wawili wakishaanza kuongea wao kwa wao, mwenye ukurasa akae pembeni.

Komenti kama hiyo ibandike juu; Instagram inakuruhusu kubandika hadi tatu. Usibandike inayokusifu, bandika ile inayomwonyesha anayefuata kwamba hapa watu wanasimulia. Ikitokea ya kukashifu, ifiche mapema bila kumjibu, maana jibu lako ndilo litakaloivuta juu.

Kujua kama posti imefanikiwa siangalii idadi ya komenti peke yake. Nahesabu zilizozidi maneno matatu, halafu nahesabu mahali ambapo mfuasi amemjibu mfuasi. Posti ya komenti nyingi za neno moja kwangu imeshindwa, narudi kwenye jozi kutafuta ipi ilikuwa kavu. Kisha naandika ni namba ipi iliyotajwa sana. Safari hii ilikuwa ya tano, na maneno yaliyojirudia yalikuwa ya yule bodaboda wa kijiweni. Posti ijayo iko tayari kwenye simu, mada ni maharage, na slaidi ya kwanza inauliza: ya leo au yaliyolala?